Matokeo Bado, Kazi Naitaka: Maswali ya Wanafunzi wa Mwaka wa Mwisho Wanaoomba Kazi Arusha na Moshi

Kila mwaka, masika yanapoelekea ukingoni na kampuni za utalii za hapa Arusha zinapojiandaa kwa msimu wa wageni, mezani kwangu huanza kuingia barua za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nyingine zinatoka vyuo vya hapa mjini, nyingine Moshi. Nimezisoma kwa miaka mingi nikiwa afisa utumishi, na zamani mimi mwenyewe niliwahi kuandika moja mbovu sana. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa na vijana wanaopita ofisini, na yote yanazunguka jambo moja: mtu ambaye matokeo yake hayajatoka anaandikaje tarehe ya kuhitimu ili msomaji aiamini?

Matokeo yangu hayajatoka. Naruhusiwa kuomba kazi kweli?

Inategemea unaomba wapi. Kama nafasi ni ya serikali na maombi yanapitia Ajira Portal, subiri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema wazi kwamba matokeo ya muda na hati za matokeo hazikubaliwi. Wanataka cheti chenyewe. Hapo hata uiandike tarehe kwa ufundi gani, ombi halitapita.

Kwenye kampuni binafsi, hoteli, mashirika na ofisi ndogondogo mambo ni tofauti. Tangazo likisema "awe na shahada" bila kudai cheti kiambatishwe, omba. Likidai cheti, piga simu uulize kama wanampokea anayesubiri matokeo. Nimeona wengi wakikata tamaa kwa sababu ya mstari mmoja wa tangazo ambao aliyeuandika alikuwa amenakili tu kutoka tangazo la mwaka uliopita.

Niandike tarehe ipi: ya kumaliza mitihani, ya matokeo au ya mahafali?

Hapa ndipo barua nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ana tarehe tatu mbele yake. Ya kwanza ni siku ya mtihani wa mwisho, ambayo kwa vyuo vingi huangukia mwezi wa saba au hapo karibu. Ya pili ni siku matokeo yanapothibitishwa. Walimu wanasahihisha, alama zinapita idarani, zinakwenda kwenye bodi ya mitihani, kisha kwa chuo kikuu zinafika Seneti. Alama unazoziona kwenye akaunti yako kabla ya hapo ni za muda, na zinaweza kubadilika. Ya tatu ni mahafali, siku ya joho na picha, ambayo mara nyingi huwa Novemba au Desemba.

Wanafunzi wengi huandika hiyo ya tatu peke yake: "Nitahitimu Novemba." Sasa jiweke upande wangu. Nahitaji msaidizi wa mhasibu aanze tarehe 1 Agosti, wageni wako juu, ankara zinamiminika. Nikisoma "Novemba" naelewa kwamba huyu yuko darasani mpaka Novemba, naiweka barua pembeni. Kumbe mwenzangu alimaliza mtihani Julai na yuko nyumbani kwao Sakina anasubiri simu.

Mimi kama mwajiri nina maswali mawili tu. Unaweza kuja kazini kila siku kuanzia lini? Hilo linajibiwa na tarehe ya kwanza. Na karatasi ya kuweka kwenye faili lako nitaipata lini? Hilo linajibiwa na tarehe ya pili. Mahafali ni furaha ya familia, yataje mwisho, kwa kifupi. Ziandike zote tatu kwa mpangilio huo, kila moja na kazi yake.

Tarehe hizo nazipata wapi kwa uhakika?

Kwenye kalenda ya masomo ya chuo chako, ile inayotolewa mwanzoni mwa mwaka. Humo mna wiki za mitihani, na kwa kawaida mna vikao vya kuthibitisha matokeo, wiki ya mitihani ya marudio na mahafali. Kisha nenda ofisi ya idara uulize kama kuna kilichobadilika, kwa sababu kalenda husogezwa. Usichukue tarehe kutoka kundi la darasa la WhatsApp. Huko tarehe ya mahafali hubadilika mara tatu kwa wiki.

Kama kalenda inataja mwezi bila siku, nawe taja mwezi. Kubuni siku ili barua ionekane nzito ni kosa ambalo mtu wa ofisi ya utumishi analigundua kwa simu moja.

Nitaandikaje kwa kujiamini wakati kweli sijui kama nitafaulu?

Kujiamini kwenye barua hakuletwi na maneno kama "naamini kabisa" au "nina uhakika wa asilimia mia". Tena hayo ndiyo yanayonishtua. Mtu anayejua tarehe yake huitaja tu akaendelea. Tenganisha unachokijua na unachokisubiri, na kila kimoja ukipe kitenzi chake.

Unachokijua: mtihani wa mwisho ni lini, masomo yote ya nyuma umefaulu au la, fildi umemaliza, ripoti ya utafiti umekabidhi. Hivyo viandike wazi, bila "labda" wala "huenda". "Mtihani wangu wa mwisho ni tarehe 10 Julai 2026." Nukta.

Unachokisubiri ni kimoja tu, kuthibitishwa kwa matokeo ya muhula wa mwisho. Hapo tumia "natarajia". Naomba uangalie neno hili kwa sababu wengi huandika "nategemea". Mtaani tunayachanganya na hakuna anayejali, lakini kwenye karatasi "nategemea kuhitimu" linabeba ile maana ya kuegemea kitu kingine, kama vile kuhitimu kwako kunashikiliwa na mtu. "Natarajia" linasema una sababu ya kuliona jambo linakuja.

Kuna na hili la "Mungu akipenda" na "panapo majaliwa". Mimi ni mtu wa dini na nayasema kila siku. Lakini kwenye mstari wa tarehe, msomaji asiyekujua atadhani unamwambia kwamba kuna tatizo usilotaka kulitaja. Yaache kwa mazungumzo ya ana kwa ana, yatakapotoka mdomoni na yule mbele yako ataitikia.

Na usisahau mwaka. "Novemba" bila mwaka, kwenye barua itakayokaa kwenye faili miezi minne, haina maana.

Nionyeshe mfano wa aya yenyewe.

Tuchukulie binti anayesoma Shahada ya Uhasibu mwaka wa tatu hapa Arusha. Ameona tangazo la kampuni ya utalii iliyoko Njiro, msaidizi wa mhasibu, aanze 1 Agosti 2026. Anaandika barua tarehe 22 Juni, mitihani haijaanza. Rasimu yake ya kwanza inasema hivi:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na nategemea kumaliza hivi karibuni, na Mungu akijalia nitahitimu mwezi wa kumi na moja. Matokeo bado ila naamini nitafaulu vizuri. Naomba mnifikirie."

Hakuna uongo humo, ila pia hakuna kitu cha kushika. "Hivi karibuni" ni lini? Mwezi wa kumi na moja wa mwaka gani? Na ile "naomba mnifikirie" inanyenyekea mahali ambapo alitakiwa kutoa taarifa. Rasimu ya pili, baada ya kukaa na kalenda ya chuo:

"Ninasoma mwaka wa tatu wa Shahada ya Uhasibu. Mtihani wangu wa mwisho ni tarehe 10 Julai 2026, na kuanzia Jumatatu tarehe 13 Julai nitakuwa tayari kufanya kazi siku zote za wiki. Kwa mujibu wa kalenda ya chuo, matokeo ya muhula wa sita yatathibitishwa Septemba 2026, na natarajia kutunukiwa shahada katika mahafali ya Novemba 2026. Katika mihula mitano ambayo matokeo yake yameshatoka nimefaulu masomo yote kwa wastani wa 3.7. Nimeambatisha nakala ya matokeo hayo pamoja na barua ya chuo inayothibitisha kuwa niko mwaka wa mwisho."

Hesabu mara ambazo amesema "natarajia": moja. Inatosha. Mengine yote ni mambo ambayo naweza kuyahakiki, na barua imeniambia kwa karatasi gani.

Aya hii iwe ya pili. Ya kwanza, baada ya "YAH: MAOMBI YA KAZI YA MSAIDIZI WA MHASIBU", iseme unaomba nini na umewahi kufanya nini kinachofanana nayo. Binti wetu alifanya fildi ya wiki nane, akawa analinganisha risiti za mashine za EFD na vocha za malipo, na mwisho wa mwezi akisaidia kusuluhisha hesabu za benki. Hicho ndicho kinachonifanya nitake kujua tarehe yake. Anayefungua barua kwa kueleza kwamba matokeo hayajatoka anaanza kujitetea kabla hajaulizwa.

Kwenye wasifu niandikeje?

Mstari mmoja chini ya elimu: jina la shahada, chuo, "2023 hadi 2026, matokeo ya mwisho kuthibitishwa Septemba 2026". Usiandike "2023 hadi sasa", kwa sababu hiyo "sasa" haioneshi kama uko mwaka wa pili au umebakiza wiki tatu. Na tarehe za kwenye wasifu zifanane na za kwenye barua. Nimewahi kupokea barua inayosema Oktoba na wasifu unaosema Desemba, za mtu mmoja, kwenye bahasha moja.

Niambatishe nini wakati cheti sina?

Matokeo ya mihula iliyopita, yaliyochapishwa kutoka mfumo wa chuo na kugongwa muhuri wa idara au ofisi ya msajili. Picha ya skrini ya simu haina uzito, mtu yeyote anaweza kuihariri. Ongeza barua ya utambulisho kutoka chuoni inayosema wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa programu fulani na unatazamiwa kumaliza lini. Iombe mapema, angalau wiki mbili kabla hujaihitaji, maana karibu na mitihani ofisi hizo huwa na foleni. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita unavyo tayari, viweke.

Angalia pia kama una deni la ada. Vyuo vingi huzuia mwanafunzi mwenye deni kuona au kupata matokeo yake mpaka alipe, na nimeona kijana aliyefaulu vizuri akikosa karatasi ya kuleta kazini kwa ajili ya salio ambalo hakujua lipo. Vivyo hivyo fomu ya kliarensi: kitabu kimoja cha maktaba kisichorudishwa kinaweza kusogeza siku yako ya kupata transkripti. Hilo si jambo la kuandika kwenye barua, ila ni la kumaliza kabla hujaahidi Septemba.

Naweza kuandika nitapata daraja gani?

Usiandike daraja, andika wastani uliopo. Lakini fanya hesabu ujue umesimama wapi, kwa sababu utaulizwa kwenye usaili.

Shahada ya miaka mitatu kwa kawaida ina krediti zisizopungua 360. Tuseme mihula yako inalingana, kila mmoja krediti 60. Binti wetu ana mihula mitano, krediti 300, kwa wastani wa 3.7. Zidisha, unapata 1110. Daraja la pili la juu linaanza 3.5, na 3.5 mara 360 ni 1260. Anahitaji pointi 150 kutoka krediti 60 zilizobaki, yaani wastani wa 2.5 kwenye muhula wa sita. Kwa mtu ambaye hajawahi kushuka chini ya 3.4, huko ni mbali. Akiulizwa anaweza kujibu kwa utulivu: "Nina 3.7 mpaka sasa, na hata muhula huu ukishuka hadi 2.5 bado nitabaki daraja la pili la juu." Jibu hilo linaonesha pia kwamba mhasibu yumo.

Aliye na 3.5 kamili asijaribu. Muhula mmoja wa 3.3 unamtoa kwenye daraja, kwa hiyo aseme wastani wake aishie hapo.

Nina sapi. Niiseme?

Kuna sapi unayoijua na sapi unayoiogopa, na watu huzichanganya.

Unayoiogopa ni ile ya mtihani ambao hujaufanya au matokeo yake hayajatoka. Hiyo haipo. Usiandike hofu kwenye barua rasmi.

Unayoijua ni somo la nyuma ulilofeli au kulibeba na bado hujalimaliza. Hilo linagusa tarehe yako moja kwa moja. Kama utalirudia muhula huu huu pamoja na mitihani ya mwisho, tarehe inabaki ilivyo na huna haja ya kulitaja, ila usiandike "nimefaulu masomo yote". Kama utalifanya kwenye mitihani ya marudio baada ya matokeo, matokeo yako yatathibitishwa baadaye kuliko ya wenzako, na huenda mahafali ya mwaka huu yakakupita. Basi andika tarehe hiyo ya baadaye tangu mwanzo. Msomaji hahitaji sababu kwenye barua. Akikuuliza kwenye usaili mwambie somo gani na unalirudia lini.

Tarehe ya mbali iliyo ya kweli hainisumbui. Nimewahi kumwajiri kijana aliyeniambia Februari wakati wenzake wote walisema Novemba, na Februari ile akaleta karatasi.

Nikiandika "nimehitimu" kuna ubaya gani? Si nimeshamaliza?

Ulipotoka chumba cha mtihani "umemaliza mitihani". Kuhitimu ni pale chuo kinapothibitisha matokeo yako. Katikati ya hayo mawili kuna miezi kadhaa, na neno moja tu linaweza kukupeleka upande wa uongo.

Hili limenipata. Nilipokuwa kijana niliandika "nimehitimu Shahada ya Utawala" wiki moja baada ya mtihani wa mwisho. Sikuona kama nadanganya. Nyumbani walikuwa wameshanipongeza. Niliitwa usaili, nikafanya vizuri, na mwisho yule mama aliyekuwa akinihoji akaomba nakala ya transkripti. Nikasema haijatoka. Akaiangalia barua yangu, akaniangalia mimi, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, sasa hapa umeandika nini?" Sikuwa na jibu. Kazi sikuipata, na sikumlaumu. Matokeo yangu yalithibitishwa wiki saba baadaye, mazuri tu. Ningeandika ukweli, wiki saba zile zisingekuwa kitu.

Kwa hiyo, kabla ya mtihani wa mwisho andika "ninasoma mwaka wa tatu". Baada ya mtihani andika "nimemaliza mitihani ya mwisho tarehe fulani, nasubiri matokeo kuthibitishwa". Baada ya Seneti, hapo ndipo "nimehitimu".

Nimeajiriwa, halafu chuo kimesogeza tarehe. Nifanyeje?

Sema siku hiyo hiyo unayojua, kabla mwajiri hajakuuliza. Maandishi mafupi yanatosha: "Habari za leo, Dada. Chuo kimetangaza kwamba matokeo yatathibitishwa Oktoba badala ya Septemba. Nimeambatisha tangazo lao. Nitaleta nakala mara tu yatakapotoka." Tarehe mpya na ushahidi, basi. Usiandike aya tatu za kuomba radhi kwa kosa ambalo si lako.

Ila soma barua yako ya ajira. Nyingi za namna hii zina sharti kwamba cheti au hati ya matokeo iletwe ndani ya kipindi fulani. Kama kipindi hicho kinaisha kabla ya tarehe mpya, omba kiongezwe kwa maandishi, nawe ubaki na nakala yenye sahihi.

Wakinitaka nianze kabla sijamaliza mitihani?

Kataa kwa heshima, ukitaja siku unayoweza. Anayekataa kusubiri siku kumi na mbili ili umalize shahada yako hatakupa ruhusa hata ya kwenda kufanya marudio.

Nimeomba Arusha lakini nasoma Moshi. Nitaje?

Anwani itajieleza. Ongeza tu kwamba unaweza kufika kwenye usaili siku yoyote isiyo ya mtihani. Ni kilomita 80 hivi, basi la asubuhi linakufikisha. Ukiitwa siku ya mtihani sema hivyo na upendekeze kesho yake.

Wamenipigia simu ghafla, wakauliza, "Una uhakika utamaliza Julai?" Nijibu nini?

Karatasi yenye tarehe zako iwe karibu na simu kipindi chote unachosubiri, kwa sababu simu hukukuta kwenye kosta au sokoni, na mtu akishtuka husema "nadhani". Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeona barua yako. Hiyo Julai una uhakika nayo?"

"Ndiyo, mama. Mtihani wa mwisho ni tarehe 10, na ratiba imeshabandikwa. Jumatatu tarehe 13 naweza kuja. Matokeo yanathibitishwa Septemba, nitakuletea nakala."

"Haya. Njoo Alhamisi saa nne, uje na hiyo ratiba."